Methali ya Kufungulia Hotuba

Mwanangu, karatasi yako nimeisoma. Kaa kwanza, chai haijapoa. Najua una haraka, sherehe ya kuaga kidato cha nne iko karibu na bado hujafika shuleni kufanya mazoezi. Hotuba yenyewe ni nzuri. Wasiwasi wangu uko kwenye mstari wa kwanza tu. Umeanza na "Mvumilivu hula mbivu."

Wewe ndiwe unayeongoza darasa, ndiyo maana wakakuchagua. Sasa sikiliza methali hiyo kwa masikio ya mwenzako anayevuta mkia. Mvumilivu atakuwa nani hapo? Wewe uliyesimama kwenye maikrofoni. Na yeye aliyeketi kule nyuma hemani, aliyelipiwa karo kwa shida na kurudishwa nyumbani kila muhula, ataambiwa hakuvumilia? Isitoshe, mbivu hizo hamjazila. Mtihani wa KCSE uko mbele yenu, na matokeo hutoka wiki kadhaa baada ya karatasi ya mwisho. Siku ya kuaga hakuna ajuaye alama ya mtu.

Nakuambia haya kwa sababu yalinikuta. Miaka iliyopita nilimwandikia mpwa wangu hotuba kama hii. Nikamfungulia na "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nilijiona fundi. Alipoisema, mama mmoja aliyeketi karibu nami akanong'ona, "Kwani wangu hakuinama?" Sikuwa na jibu. Mpwa wangu aliendelea kusoma, sauti nzuri kabisa, na mimi nikatazama viatu vyangu mpaka akamaliza.

Kuna methali za mshindi na kuna methali za kundi. Zile za mshindi zina mtu mmoja ndani yake aliyefanya jambo akafaulu. Ukizisema ukiwa nambari moja, mtu huyo ni wewe, hata ukiongeza "sisi" mara kumi. Hapo unyenyekevu wa kuongeza baadaye hausaidii.

Mimi ningekupa hii: mkono mmoja haulei mwana.

Itazame polepole. Hakuna mshindi humo. Kuna mwana, na kuna mikono. Mwana ni darasa lenu zima, anayeongoza na anayevuta mkia. Mikono ni hao walioketi mbele yenu. Kitengela hapa unawajua. Kuna mzazi anayetoka gizani kuwahi zamu kule EPZ, Athi River. Kuna wa viwanda vya saruji. Kuna anayeuza mboga sokoni, na kuna aliyeshuka kutoka Isinya au Kajiado mjini na shuka lake begani. Kuna mpishi aliyewapikia githeri miaka yote, na mlinzi wa lango aliyewafungulia mlipochelewa. Methali moja fupi imewagusa wote kabla hujataja jina la mtu, na wewe mwenyewe umejiweka mahali pa mtoto aliyelelewa.

Wazee wa Kimaasai watakuelewa upesi. Kwao mtoto akimsalimu mzee huinamisha kichwa aguswe utosini. Maneno yako ya kwanza na yafanye kazi ya kichwa hicho.

Sasa namna ya kuisema. Methali zetu nyingi zina vipande viwili, na watu wamezikariri tangu shule ya msingi. Kwa hiyo usiimalize. Toa kipande cha kwanza, nyamaza, hema litakupa cha pili. Hapo ndipo darasa linaposema kweli kweli, kwa midomo yake, si kwa niaba.

Lakini pana mtego, mwanangu. Ukisema "Mkono..." ukanyamaza, kuna watakaokujibu "mtupu haulambwi!" na watu watacheka mpaka mgeni wa heshima. Pumzika baada ya "mmoja," si kabla. Hata hapo hujapona. Ipo methali nyingine inayosema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na Kajiado ni nchi ya ng'ombe. Nusu ya hema inaweza kusema "haulei mwana" na nusu "hauchinji ng'ombe." Usiogope. Waambie wenzako wanne watano walioketi mbele wajibu kwa sauti kubwa, mapema, na wengine watafuata. Likitokea la ng'ombe, tabasamu useme, "Naye pia hachinjwi na mmoja," halafu urudi kwa mwana. Watakupenda.

Utauliza kwa nini nisikupe "Kidole kimoja hakivunji chawa," maana nayo ni ya kundi. Ni nzuri. Ila siku hizi vijana wakisikia chawa wanamfikiria mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, na mgeni wa heshima atakuwa ameketi pale na wapambe wake. Achana nayo.

Jambo la mahali pa kuiweka. Usianze nayo kabla ya salamu, na usiizike chini ya itifaki. Nimeona watoto wakitaja mwenyekiti wa bodi, naibu wake, mwalimu mkuu, mchungaji, chifu, diwani, na walipofika kwenye methali watu walikuwa wakitafuta maji ya kunywa. Sema "Hamjambo?" Watajibu. Masikio yakiwa yamefunguka hivyo, toa methali. Wakishaimalizia, ndipo utaje wakubwa kwa ufupi useme itifaki imezingatiwa. Mwalimu wa zamu akinung'unika, mwambie ni ushauri wa mzee.

Na tafadhali usiseme wahenga hawakupayuka walipobwata. Hayo ni ya insha, na walimu wameyasahihisha mpaka wamechoka. "Wahenga walisema" inatosha. Maneno mawili hayo yanamwambia msikilizaji kwamba hekima si yako, umeazima.

Majirani zetu wa Tanzania wana desturi ninayoipenda. Kwenye mahafali yao wahitimu huwa na risala, na mmoja wao humsomea mgeni rasmi. Utasikia "sisi wahitimu" toka juu hadi chini, pamoja na shukrani na mahitaji ya shule. Msomaji ni mdomo tu. Wewe nawe, kabla ya kuandika upya, wapelekee wenzako mstari huo wa kwanza. Mpe hata yule wa mkiani ausome. Akikunja uso, tafuta mstari mwingine.

Ukishasema methali, usiifafanue. Hapo ndipo wengi huharibu. "Methali hii ina maana kwamba..." na hema linageuka darasa. Nenda moja kwa moja kwenye mkono mmoja unaoujua. Sema, kwa mfano, "Mwana huyo ni sisi. Mkono mmoja ulikuwa ukiwasha jiko la shule kabla hatujaamka." Mpishi atajijua, hata kama amesimama nje ya hema. Mwingine, kisha mwingine, mitatu inatosha. Halafu ingia kwenye hotuba yako, hata kama iliyobaki ni ya Kiingereza.

Jambo la mwisho ni upepo. Uwanda huu wetu hauna kizuizi, na alasiri upepo huingia kwenye maikrofoni ukasikika kama lori. Kipande cha kwanza kinaweza kumezwa wasijibu. Usiwakemee kwa "Sijawasikia!" Geuza mgongo kidogo upande upepo unakotoka, kirudie mara moja, taratibu. Wakinyamaza tena, malizia mwenyewe uendelee. Sasa nipe kalamu tuufute huo mstari.