Maneno Chini ya Picha ya Usafi: Kueleza Kazi Bila ya Kujisifu

Imekuwa ada siku hizi, kila watokapo vijana kufagia mtaa au kuzoa takataka kando ya mto, kupiga picha ya kazi yao na kuandika maneno machache chini yake, kisha kuwapelekea watu kwa simu. Maneno hayo ni mistari mitatu minne tu, wala kuyaandika hakumchukui mtu wasaa mwingi. Lakini ndani yake mna suala linalotaka kutazamwa vizuri: vipi mtu ataeleza jema lililotendeka, na yeye akiwa ni mmoja katika waliolitenda, bila ya kuligeuza likawa ni sifa yake?

Wako ndugu wanaosema kuwa jibu ni jepesi: asiandike kitu, afiche amali yake. Rai hii twaiheshimu, na katika sadaka ya mkono kwa mkono ndiyo iliyo bora. Ama kusafisha njia si jambo la kufichika. Hufanywa mchana, mbele ya wapitao, na kwa nguvu za watu wengi. Aliyetoa magunia yafaa ajue yalikotumika, jirani ajue siku ya kurudi, na wenye mamlaka ya mji waone pale palipowashinda wenye mafagio. Wanazuoni wa kale nao walikwisha kuona kwamba kuliacha jema kwa kuogopa macho ya watu ni namna nyingine ya kuwatazama watu. Basi swali letu si kama iandikwe au isiandikwe. Swali letu ni nini kiandikwe.

Natuchukue mfano, ili maneno yetu yasielee hewani. Tuseme vijana wetu wa pwani walioko Nairobi kwa masomo na kazi wametoka Jumamosi moja asubuhi, wakateremka kwenye ukingo wa Mto Nairobi, kaskazini ya katikati ya jiji, upande wa Barabara ya Kijabe na Bustani ya Michuki. Wajuao mahali hapo watakumbuka kuwa bustani hiyo ilirudishiwa uhai mwaka 2008, John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira. Alipofariki mwaka 2012 ikaachwa ikachakaa, hata ikabidi kutengenezwa upya mwaka 2020. Basi hapo ni mahali palipokwisha kusafishwa na wengine zamani, na kuchafuka tena. Ajaye kupasafisha leo si wa kwanza, na huenda asiwe wa mwisho. Hili peke yake, mwandishi akilikumbuka, lamtuliza kalamu.

Kazi imekwisha, picha imepigwa, na mmoja wao ameandika hivi:

"Alhamdulillahi, leo tumejitolea nguvu zetu na wakati wetu, bila ya malipo, kwa ajili ya jiji letu. Wengine husema, sisi twatenda. Sisi ni wanyonge tu, lakini tumeonyesha njia."

Hapana neno la uwongo hapa, pengine. Lakini tulipime jumla kwa jumla. Katika ile ya kwanza aliyetajwa ni mwandishi na wenzake: nguvu zao, wakati wao, na ujira walioukosa. Mto haukutajwa, wala takataka, wala mahali. Katika ya pili wametafutwa watu wengine wa kulaumiwa, ili walio pichani waonekane warefu zaidi. Na ya tatu ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwa kuwa imevaa kanzu ya unyenyekevu. Mtu asemaye "sisi ni wanyonge tu" mbele ya kadamnasi aghlabu hungoja aambiwe, "La, nyinyi si wanyonge." Kujidunisha kwa namna hii ni kuomba sifa kwa mlango wa nyuma. Hata ile shukurani ya mwanzo, ambayo ni neno tukufu, imewekwa hapo kama pazia la sifa zinazofuata.

Sasa tuyageuze maneno hayo. Dawa ya kwanza imo katika lugha yetu wenyewe, nayo ni kuangalia nani mtenda wa kila jumla. Kiswahili chaturuhusu kuanza na mahali na kitu, tukasema "ukingo umezolewa", "mtaro umezibuliwa", "magunia yamechukuliwa", bila ya kulazimika kusema "tume" kila mara. Vijana wale wale, kazi ile ile, wangaliweza kuandika hivi:

"Ukingo wa Mto Nairobi, chini ya Barabara ya Kijabe, Jumamosi asubuhi. Yametoka magunia 43, mengi ni ya chupa za plastiki. Gari la kaunti limeyachukua saa sita. Wafagiaji wa kaunti ndio waliotuonyesha pa kuanzia, nao wapo hapa kila siku. Mtaro ulio karibu na daraja bado umeziba. Tutarudi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa moja asubuhi. Ajaye aje na gambuti."

Tazama tofauti. Msomaji sasa ajua ni wapi, ni nini kilichotolewa, kimekwenda wapi, nani afanyaye kazi hiyo siku zote, kipi hakikumalizika, na yeye mwenyewe afanye nini akitaka kuja. Walio pichani wamo, hawakujificha, lakini si wao wanaosimuliwa.

Huenda mtu akauliza: je, kutaja magunia 43 si kujisifu? Yategemea hesabu hiyo yasema habari ya nani. Idadi ya magunia na aina ya takataka yaeleza hali ya mto. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017. Basi akisoma mtu kwamba kilichojaa ni chupa, amepata la kufikiri juu ya chanzo cha uchafu wenyewe. Ama kutaja saa tulizosimama juani, na jinsi migongo ilivyotuuma, hiyo ni hesabu yetu sisi. Tena idadi na iwe ya kweli. Takataka za mtoni hutoka zimelowa na kushika tope, na gunia moja laweza kuwa zito mara nyingi kuliko la takataka kavu. Kwa hiyo asiandike kilo asiyepima. Ahesabu magunia, basi.

Na ile jumla ya gari la kaunti si pambo. Kasoro iliyozoeleka katika siku hizi za usafi ni magunia kupangwa ukingoni, picha ikapigwa, watu wakaenda zao. Ikija mvua magunia hupasuka, na takataka hurudi majini pale pale. Maneno yasemayo "tumesafisha" juu ya picha ya magunia yaliyolala kando ya mto yameeleza nusu ya kazi kana kwamba ni kazi nzima. Mwandishi na angoje gari liondoke ndipo aandike. Na gari lisipokuja, aandike hivyo hivyo kuwa halijaja. Kutaja kilichobaki ndiko kunakomzuia mtu kujisifu kuliko maneno yote ya unyenyekevu, kwa sababu ni ukweli wenye faida, si kujidunisha.

Lipo pia suala la picha yenyewe, kwani maneno mazuri hayaitakasi picha mbaya. Katika sehemu zile za mto hulala watoto wasio na makao. Kumweka mtoto kama huyo nyuma ya vijana wenye glavu mpya ni kuifanya dhiki yake kuwa kiti cha sifa zetu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Lakini hata pasingalikuwa na sheria, murua ungetosha. Picha ya ukingo kabla ya kazi na baada yake, iliyopigwa pale pale mtu aliposimama mwanzo, yatosha. Akisogea hatua kumi kutafuta upande uliong'aa, ameshadanganya bila ya kuandika herufi.

Je, haiwi kamwe mtu kuonyesha uso wake? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amelizungumza jambo hili katika kitabu chake cha Ihyau Ulumiddin, katika robo inayoeleza mambo yenye kuangamiza. Akakubali kuwa yafaa mtu kuidhihirisha amali ikiwa yeye ni mwenye kufuatwa na watu. Mfano wake tumeuona karibu nasi. Rais John Magufuli wa Tanzania alifuta sherehe za uhuru za 9 Desemba 2015, wakati kipindupindu kimeenea nchini, akataka siku hiyo iwe ya usafi, naye akaonekana akizoa takataka karibu na Ikulu, Dar es Salaam. Pale uso wa kiongozi ulikuwa ndiyo habari yenyewe, maana ulivuta watu washike mafagio. Alichokuwa nacho moyoni ni baina yake na Mola wake.

Lakini Ghazali hakuuacha mlango wazi. Ametupa mizani ya kujipimia. Mtu ajiulize: lau angaliambiwa kuwa watu watamfuata mwenziwe badala yake, na thawabu zake yeye hazitapungua kitu akibaki amejificha, je, moyo wake ungeridhika? Ukiridhika, nia ilikuwa ni manufaa. Ukiona uzito, ilikuwa ni kutaka kuonekana. Kijana wetu wa Barabara ya Kijabe aweza kuitumia mizani hiyo akiwa na simu mkononi. Na ajiulize: picha hii, ikipelekwa na kundi jingine lililofanya kazi pamoja nasi, na jina letu lisiwemo, nitafurahi kuwa habari imefika? Kisha ayasome maneno yake kama kwamba yule mama afagiaye mtaa ule kabla ya jua kuchomoza amesimama ubavuni pake akisikiliza. Neno litakalomtia haya mbele ya mama yule na alifute.

Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika hadithi sahihi tumepokea habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani, akaliondoa, naye akasamehewa kwa hilo. Twalijua tawi, twaijua njia, twajua kilichofanywa na malipo yake. Jina la mtu mwenyewe hatukuambiwa, na habari haikupungukiwa na kitu.

Wallahu aalamu.