Daftari la Mwisho

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, nilifundisha hisabati darasa la nne kwa wiki nane. Wiki moja kabla ya kuondoka niliwaambia wanafunzi: "Ijumaa ijayo ni siku yangu ya mwisho. Jumatatu mtaendelea na mwalimu wenu." Mtoto akiambiwa mapema hupata muda wa kuuliza. Asipoambiwa, huenda akadhani yeye ndiye aliyemkimbiza mwalimu.

Ijumaa ile nilirudisha madaftari yote yakiwa yamesahihishwa. Binti mmoja wa dawati la nyuma alikuwa akijumlisha sehemu kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hata nusu na nusu zikampa robo mbili. Tulikata karatasi, tukaunganisha vipande, mpaka akaona mwenyewe kuwa ni nzima. Siku hiyo alifungua daftari, akaigusa alama ya vema kwa kidole, akauliza, "Mwalimu, utarudi lini?"

Ulimi ulitaka kusema "karibuni." Nikamwambia ukweli: "Narudi chuoni kusoma, sijui kama nitapangiwa hapa tena. Lakini mwalimu wako anajua ulipofikia."

Na alijua. Nilikuwa nimemkabidhi azimio la kazi likionyesha mada tuliyoishia, pamoja na majina ya watoto sita waliokuwa bado wanatatizwa na sehemu.

Mwalimu mwanafunzi unayeaga leo, usimwachie mtoto ahadi ya kungojea dirishani. Mwachie daftari lililosahihishwa, na mtu anayejua pa kuanzia Jumatatu.