Nusu Ni Kitu Gani

Kusema kwamba 1/2 na 2/4 ni sawa ni kudai jambo ambalo macho hayalithibitishi, kwa kuwa kiasi, yaani namba ya juu, kinatofautiana, na asili, yaani namba ya chini, nayo inatofautiana. Kinachodaiwa ni kwamba kuna kitu cha tatu, kiitwacho nusu, ambacho maandishi yote mawili yanakitaja, lakini ni vigumu kuonyesha kitu hicho kinakaa wapi, maana hakimo katika jozi ya 1 na 2 zaidi ya kilivyomo katika jozi ya 2 na 4. Hisabati hujibu kwamba nusu ni kundi zima la jozi za namna hiyo. Jibu hilo, hata hivyo, halisimami mpaka uhusiano unaozikusanya jozi hizo uwe umekaguliwa.

Ichukuliwe seti ya jozi zote (a, b) za namba kamili, ambamo b si sifuri, na isemwe kwamba (a, b) inahusiana na (c, d) endapo ad = bc. Kanuni hii haitaji kugawanya popote, na kwa hiyo haimlazimu mtu ajue kwanza sehemu ni nini ndipo aeleze sehemu ni nini. Ili uitwe uhusiano wa usawa, uhusiano huu unatakiwa kutimiza masharti matatu. La kwanza ni kujirejea, kwamba kila jozi ihusiane na nafsi yake, nalo linatimia mara moja kwa kuwa ab = ba. La pili ni kurudiana, kwamba jozi ya kwanza ikihusiana na ya pili, ya pili nayo ihusiane na ya kwanza, nalo halina ugumu, kwani ad = bc na cb = da ni usemi uleule.

Kazi yote imo katika sharti la tatu, la kupitisha: ikiwa (a, b) inahusiana na (c, d), na (c, d) inahusiana na (e, f), basi (a, b) ihusiane na (e, f). Yaliyotolewa ni ad = bc na cf = de. Pande zote mbili za mlinganyo wa kwanza zikizidishwa kwa f, hupatikana adf = bcf, na kwa kuwa cf ni de, upande wa kulia huwa bde; kwa hiyo adf = bde. Hapo d huondolewa pande zote mbili na kubaki af = be, kama ilivyotakiwa. Hatua hiyo ya kuondoa d ni halali kwa sababu moja tu, kwamba d si sifuri, na anayeipita bila kulitaja hilo hajathibitisha kitu.

Uzito wa sharti hilo la d kutokuwa sifuri huonekana jozi (0, 0) inaporuhusiwa kuingia. Jozi hiyo inahusiana na kila jozi, kwa sababu kila upande wa mlinganyo huwa sifuri. Basi (1, 2) inahusiana na (0, 0), na (0, 0) inahusiana na (3, 5), ilhali 1 × 5 ni 5 na 2 × 3 ni 6. Kujirejea na kurudiana vimebaki salama, lakini kupitisha kumevunjika. Jozi zikichorwa kama nukta kwenye bapa, zile zinazohusiana hulala kwenye mstari mmoja unaopita kwenye chanzo, na chanzo chenyewe, (0, 0), kimo katika mistari yote. Nukta iliyomo katika kila kundi haiwezi kugawiwa kundi lolote.

Chanzo kikiondolewa pamoja na jozi nyingine zote zenye asili sifuri, mistari haigusani tena, na huo ndio mgawanyo wa seti: makundi yasiyo matupu, yasiyoingiliana, ambayo kwa pamoja hayaachi jozi yoyote nje. Kujirejea kunahakikisha kwamba kila jozi ina kundi, walau lile la kwake. Kurudiana na kupitisha vinahakikisha kwamba makundi mawili yakiwa na jozi moja ya pamoja, ni kundi lilelile. Kila kundi lina jozi moja tu iliyorahisishwa kabisa na yenye asili chanya, na jozi zake nyingine ni vigawe vya hiyo: kundi la nusu ni jozi zote (k, 2k), ambamo k si sifuri, na (−3, −6) imo humo kwa haki ileile ya (1, 2).

Inafaa kutambua kwamba (1, 0) haina kosa la (0, 0). Ikiondolewa (0, 0) peke yake, kupitisha hubaki salama, na jozi zenye asili sifuri huunda kundi lao, yaani mstari mmoja zaidi. Kinachoikataa (1, 0) ni kujumlisha: kanuni ya kujumlisha (a, b) na (c, d) hutoa (ad + bc, bd), na (1, 0) ikijumlishwa na nafsi yake hurudisha (0, 0), ile jozi isiyo na kundi.