Wazo la Leo: Kicheko cha Darasa la Nne

Tuseme ni kijana wa Samburu, amepata kazi hotelini Diani. Darasa la nne, mwenzake mmoja alimwigiza kila aliposoma kwa sauti, na darasa zima likacheka. Leo, kwenye kikao cha asubuhi, wenzake wawili wakicheka pembeni, moyo humwenda mbio kabla hajajua wanacheka nini. Hunyamaza. Msimamizi hudhani hana la kusema, na zamu ya kuongoza wenzake hupewa mwingine. Kwa marafiki nako hulipa chai ya kila mtu, asije akaachwa.

Si udhaifu wake. Watafiti waliwafuatilia Waingereza waliozaliwa 1958, na mwaka 2014 wakaeleza kwamba walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa bado na hatari kubwa zaidi ya sonona walipofika miaka 45. Si wote, lakini.

Kinacholiweka donda hai ni ule ukimya. Humpa nafuu ya dakika moja na kumnyima nafasi ya kuona kwamba hawa si wale. Basi, usiku, aandike anachokihofia: "Nikisema juu ya mashuka yanayochelewa, watanicheka." Asubuhi aseme hilo moja tu, kisha aandike kilichotokea. Pengine mmoja atacheka kweli, aandike na hilo, pamoja na aliyeitikia, "Kweli, ndugu yangu, hata mimi yamenichelewesha."

Ikiwa usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, daftari halitoshi. Amwone mshauri nasaha.