Nyuki Aliyekwisha Kuwa na Mwenyewe

Kwa miaka sita mama mmoja wa Tabora aliuza asali aliyoinunua kwa warina wa Sikonge. Aliichuja mwenyewe na kuijaza kwenye chupa zisizo na lebo, na wateja walimjua kwa sura. Kisha akataka kwenda Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba, na huko asali isiyo na lebo hakuna anayeisogelea. Mpwa wake, kijana wa chuo, akamwambia, "Shangazi, hilo tulimalize leo hii." Akafungua programu ya akili mnemba kwenye simu, akaandika maneno machache kuhusu nyuki, asali na rangi ya dhahabu. Kabla chai haijapoa, nembo nne zilikuwa kwenye kioo.

Walichagua ya tatu: nyuki ndani ya kijumba cha sega chenye pembe sita, bawa moja limechorwa kama jani, na tone la asali likining'inia mkiani. Ilikuwa nembo nzuri kweli. Chini yake wakaandika "Asali Safi". Mama akachapisha lebo 2,000, akabandika 640 kwenye chupa zilizokuwa tayari, akamlipa fundi kibao cha bati cha kuweka mbele ya duka, na nyuki yuleyule akapakwa ubavuni mwa bajaji ya kusambazia mzigo.

Wiki tatu baada ya maonyesho ilikuja barua ya wakili. Kampuni moja ya kufungasha vyakula ilikuwa imesajili alama yake ya biashara miaka minne nyuma: nyuki, kijumba cha sega, bawa la jani, tone mkiani. Ilimtaka aache kuitumia ndani ya siku 14, aondoe kibao na lebo zote, la sivyo watakutana mahakamani.

Mama alimwendea wakili kijana mwenye ofisi jirani na soko. Baada ya shikamoo na marahaba alitoa utetezi wake wote kwa pumzi moja: hakumwiga mtu, hakuwahi kuiona kampuni hiyo, na nembo ilichorwa na mashine, hivyo kama kuna kosa waishitaki mashine. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, nakuamini. Lakini sheria ya alama za biashara haiulizi kama uliiga."

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wanachanganya haki mbili. Anayedai hakimiliki ya mchoro lazima aoneshe kwamba kazi yake ilinakiliwa. Mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa hana mzigo huo. Kwake inatosha kwamba alama inayofanana na yake imewekwa kwenye bidhaa za aina moja, kiasi kwamba mnunuzi anaweza kudhani zinatoka kwa mtu mmoja. Kutojua hakufuti kosa. Na anayeweka alama hiyo sokoni ni mfanyabiashara, wala si programu. Masharti ya programu nyingi za aina hii humwachia mtumiaji picha pamoja na jukumu lake, na baadhi husema wazi kwamba mtu mwingine anaweza kupewa picha inayofanana.

Wakili aliziweka chupa mbili mezani. Mama akaanza kuonesha tofauti: nyuki wa kampuni anatazama kushoto, wake kulia, jani la kule lina mishipa, la kwake halina. Wakili akaiondoa chupa moja. "Mnunuzi hana chupa mbili mkononi," alisema. "Ana moja, na nyingine anaikumbuka nusunusu tangu mwezi uliopita. Huyo ndiye anayepimiwa."

Hata hivyo kampuni nayo ilikuwa imedai kupita kiasi. Ilitaka mama asitumie nyuki wa aina yoyote. Nyuki kwenye chupa ya asali ni kama ng'ombe kwenye pakiti ya maziwa. Kila muuzaji anamhitaji, na hakuna anayeweza kumfungia peke yake. Vivyo hivyo maneno "Asali Safi": yanaeleza bidhaa tu, kwa hiyo kampuni haiwezi kumzuia mama kuyasema, na mama naye hawezi kuyasajili yawe yake. Kilichombana ni ule mkusanyiko wa jani, tone na sega kwa pamoja.

Na mkusanyiko huo haukutoka hewani. Programu hizi zimefunzwa kwa mamilioni ya picha, nembo zikiwamo, na ukizipa ombi la jumla huelekea kwenye kile kinachoonekana mara nyingi. Novemba 2025, katika kesi ya Getty Images dhidi ya Stability AI, Mahakama Kuu ya Uingereza iliona kwamba baadhi ya picha zilizozalishwa zilitoka zikiwa na alama za biashara za Getty. Hiyo ilikuwa chapa kamili, inayosomeka. Nyuki wa mama ni tatizo gumu zaidi kuligundua, kwa kuwa halina maandishi ya kumshtua mtu.

Lingegunduliwa vipi? Kwa jioni moja ya kazi kabla ya kwenda kwa mchapaji. Picha huingizwa kwenye utafutaji wa picha mtandaoni, kisha kwenye hifadhidata ya WIPO iitwayo Global Brand Database, ambayo hupokea picha na kuleta nembo zinazoifanania. Halafu hutafutwa alama zilizosajiliwa BRELA, hasa daraja la 30, ambamo asali imo pamoja na chai, kahawa na viungo. Mwisho ni kutembea madukani na kutazama rafu, maana zipo alama zinazotumika bila usajili na wenyewe bado wanaweza kulalamika. Mama alikuwa amesajili jina la biashara BRELA na akadhani amemaliza. Jina la biashara humtambulisha mfanyabiashara; halimpi haki juu ya nembo.

Wakili aliandika jibu, na pande mbili zikakubaliana: siku 30 za kumaliza chupa zilizokwisha kubandikwa, kibao kishuke mara moja, bajaji ipakwe upya, lebo 1,360 zilizobaki ziteketezwe. Mama aliuliza kama angeweza kurudi kwenye programu na kuomba nyuki mwingine. Angeweza, na nembo ya namna hiyo inaweza hata kusajiliwa kama alama ya biashara, kwani msajili hutazama kama inatofautisha bidhaa na kama haigongani na ya mwingine. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humtambua mtunzi kuwa ni mtu. Kwa hiyo kabla ya usajili, anayeichukua nembo ya mashine na kuibandika kwenye fulana zake ni vigumu kumzuia kwa hakimiliki.

Aliacha nyuki kabisa. Alimpeleka Sikonge mchoraji wa mjini, naye akachora mzinga wa gome uliotundikwa kwenye mti ambao mrina wake mkubwa hutundika mizinga kila mwaka. Mchoraji akasaini karatasi ya kuhamishia hakimiliki kwa mama, na michoro ya awali ikahifadhiwa pamoja na tarehe zake. Jina likawa lile la utani alilopewa na warina, ambalo halisemi lolote kuhusu asali. Safari hii alichapisha lebo 200 tu, na kibao kikangoja.

Ombi lake lilipita kwa msajili na kutangazwa kwenye jarida la alama za biashara. Siku 60 za kupokea pingamizi zilikwisha bila mtu kujitokeza. Cheti alichopewa ni cha miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Zanzibar ina sajili yake peke yake, na huko bado hajasajili.