Barua ya Kuomba Mchele: Lengo, Kiasi na Shukrani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu katika imani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri.

Ama baad. Ramadhani inakaribia, na kama ilivyo desturi, jumuiya yetu itawatuma vijana katika maduka ya Busia na Tororo kuomba vyakula vya futari ya mayatima na wajane wa Mwello. Nataka tukumbushane adabu za kazi hiyo, kwa sababu mimi niliifanya nikiwa mwaka wa pili, na niliifanya vibaya.

Nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka, Haji mtu mzima, upande wa Uganda. Barua yangu ilisema kwamba tunaomba msaada wowote kwa ajili ya wahitaji, na kwamba jina la duka lake litaandikwa kwenye bango na kutangazwa kwa kipaza sauti. Haji aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, watu wangapi?"

"Wengi, Haji."

"Wengi ni wangapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Mwaka jana niliwapa wenzako sukari, mfuko mzima wa kilo 50. Baada ya Idi mtoto wa ndugu yangu akaniambia kwamba wanafunzi wanakunywa chai bwenini kwa sukari hiyo. Ilikuwa ya mayatima au yenu? Na hili bango, ni nani aliyekuambia kwamba nalitaka?" Alinirudishia barua kwa upole, nikatoka dukani nimeinamisha kichwa.

Nilipouliza wenzangu, nikaambiwa ni kweli. Waliomba sukari katika maduka matatu bila kujua wanahitaji kiasi gani, na kila duka likatoa. Uji wa jioni moja haukuweza kuimaliza sukari yote hiyo. Hakuna aliyekusudia kuiba. Ilibaki tu, na kilichobaki bila mpango kikapata wenyewe.

Ndugu zangu, Sahaba Kabisa bin Mukhariki alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba msaada kwa ajili ya deni alilojitwisha ili kuwapatanisha watu. Katika hadithi hiyo, iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume alimfundisha kwamba kuomba kunafaa kwa watu wa namna tatu tu: aliyebeba dhamana kama hiyo, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara hadi watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakamshuhudia. Na kila mmoja ameruhusiwa kuomba mpaka apate kinachomtosha, kisha aache. Tazameni mambo mawili yaliyomo humo: ushahidi wa haja, na kikomo cha kuomba. Barua yangu haikuwa na hata moja.

Basi nikapanda bodaboda hadi Mwello. Nikakaa na imamu, mama mmoja anayewaangalia wajane, na mwalimu wa madrasa. Hao ndio mashahidi wangu watatu. Tukahesabu nyumba kwa nyumba: watoto 96, wajane na walezi 34, na wapishi na wahudumu 20. Jumla watu 150.

Kutoka hapo, hesabu ni ya jikoni. Mchele mkavu gramu 150 kwa mtu ni kilo 22 na nusu, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha na kubakiza kidogo kwa mgeni atakayetokea. Maharage gramu 80 kwa mtu ni kilo 12. Uji lita 60 unahitaji unga kama kilo 6 na sukari kilo 5. Angalieni: kilo 5, na sisi tulikuwa tumechukua mfuko wa kilo 50 katika duka moja tu! Tende tatu tatu kwa kila mtu ni kama kilo 4, na mafuta lita 5.

Orodha ile tukaigawa, kila duka likaombwa kitu kimoja. Mwenye duka akikubali, kitu hicho kinafutwa, na hakuna ruhusa ya kukiomba tena kwingine. Huko ndiko kuacha baada ya kupata kinachotosha.

Tuligawa pia kwa kufuata mpaka. Mchele tukauomba upande wa Uganda, kwa sababu ndiko utakakoliwa. Cheti chepesi cha forodha kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo pale Busia, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotoka katika nchi za Afrika Mashariki. Mchele wa Pakistani ulionunuliwa ng'ambo haumo humo, na kuitwa sadaka hakuufutii ushuru. Msimpitishie yatima chakula chake kwa njia za panya. Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema.

Sasa nije kwenye shukrani, maana hapo ndipo nilipomuudhi Haji zaidi.

Aya ya 8 na ya 9 za Sura ya Al-Insan zinatueleza kuhusu watu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa, wasitake kwao malipo wala shukrani. Lakini Mtume (s.a.w.) naye ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Mafundisho haya mawili hayagongani, kwa sababu la kwanza ni la mtoaji na la pili ni la mpokeaji. Mtoaji asidai, mpokeaji asisahau. Mimi nilikuwa nimeigeuza shukrani kuwa bei. Nilimtangazia mzee yule sifa kabla hajatoa, kama anayesema: nipe mchele nikuuzie jina. Kama nia yake ilikuwa safi, nilikuwa naichafua kwa mkono wangu.

Basi muombaji ampe nini mtoaji? Kitu cha kwanza tumeagizwa na Qur'ani yenyewe. Katika aya ya 103 ya Sura ya At-Tawba, Mtume aliamrishwa achukue sadaka katika mali zao na awaombee dua, kwa kuwa dua yake ni utulivu kwao. Na imesimuliwa na Bukhari na Muslim kwamba Abu Aufa alipoleta sadaka yake, Mtume aliwaombea rehema jamaa ya Abu Aufa. Cha pili ni hesabu: barua inayomwambia mtoaji kilichopokelewa, kilicholiwa na kilichobaki. Cha tatu ni jina lake, lakini hilo kwa idhini yake tu.

Sisemi kwamba kutaja ni haramu. Aya ya 271 ya Sura ya Al-Baqara inasema kutoa kwa wazi ni vizuri, na kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi. Jarir bin Abdillahi anasimulia, katika Muslim, walivyokuja watu wa Mudhar miguu peku, nguo zao zimechakaa, na uso wa Mtume ukabadilika kwa kuona ufukara wao. Akaamuru Bilali aadhini, akaswalisha, akahutubu, akawataka watu watoe dinari, dirhamu, nguo, ngano, tende, hata kipande cha tende. Ansari mmoja akaleta mfuko uliokaribia kumshinda kuubeba, mbele ya macho ya wote, na watu wakamfuata hadi yakasimama malundo mawili ya chakula na nguo. Hapo ndipo Mtume aliposema kwamba anayeanzisha mwendo mwema ana ujira wake na ujira wa wanaomfuata. Kutoa kwake kwa wazi kulifungua mikono ya wengine. Bango letu lilikuwa la kazi gani?

Na mfanyabiashara akitaka jina lake libandikwe ili apate wateja, basi hilo ni tangazo. Ni biashara halali, tuiite biashara, tusimwandikie kwamba ni sadaka. Mmoja wa aina hiyo tulimpata mwaka ule, na hakuwa Mwislamu. Alitoa mafuta, tukabandika karatasi ya duka lake mlangoni mwa jiko. Mtume mwenyewe alipokea nyumbu mweupe kutoka kwa mfalme wa Ayla, ambaye hakuwa Mwislamu. Mtu wa namna hiyo tumtendee haki kwa kutimiza tulichoahidi, bila kuongeza wala kupunguza.

Barua niliyompelekea Haji mara ya pili ilikuwa hivi:

"Assalaamu alaykum, Haji. Sisi ni wanafunzi Waislamu wa chuo. Jumamosi ya pili ya Ramadhani tutawafuturisha watu 150 wa Mwello: watoto 96, walezi 34 na wahudumu 20. Imamu wa huko ameihakiki orodha na ametia sahihi hapa chini. Tunakuomba mfuko mmoja wa mchele, kilo 25, wa aina unayopika nyumbani kwako. Hatutauomba kwingine ukitupatia. Tumekwisha kupata maharage na unga. Chakula kitakachobaki ni cha madrasa ya Mwello, hakitarudi chuoni. Tutakuombea dua, na siku ya tatu tutakuletea hesabu kwa maandishi. Jina lako halitatajwa ila ukituruhusu. Hatutapiga picha za watoto. Sukari ya mwaka jana ilitumika isivyostahili, na tunakuomba radhi. Tumechanga fedha na kununua kilo 20, ambazo tumezipeleka madrasa."

Maneno kuhusu aina anayopika nyumbani yanatokana na aya ya 267 ya Al-Baqara, inayotukataza kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nanyi mkipewa maharage yaliyobunguliwa au unga wenye harufu ya ukungu, shukuruni na mrudishe kwa adabu. Mtoto wa Mwello si mahali pa kumalizia mali iliyoharibika.

Haji aliisoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hizo kilo 20 mmechanga nyinyi wenyewe?" Nikamwambia ndiyo, zilizosalia tutazimaliza kabla ya Idi. Akamwita kijana wake ashushe mfuko wa mchele. Mimi akanipa soda, nikaomba udhuru. Nilikuwa nimemkumbuka yule mkusanya zaka, Ibn al-Lutbiya, aliyerudi akasema hiki chenu na hiki nimezawadiwa mimi, na Mtume akauliza kama angezawadiwa lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Haji akacheka, akasema, "Basi kapelekeeni watoto."

Siku ya tatu nilimpelekea hesabu: zilipikwa kilo 22, kilo 3 zikabaki madrasa. Jina hakutaka litajwe, na mimi silitaji hata leo.

Ee Mola wetu, zikubali sadaka za wanaotoa, zisafishe nia za wanaoomba, na usitufanye wenye kula kilicho cha yatima. Wabillahi tawfiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.