Anayemlaza Ndiye Amwamshe

Somo la juma: 1 Samweli 3:1–10

Tukisoma sura hii huwa tunaikimbilia sauti ya Mungu na kumpita mzee Eli njiani. Juma hili naomba tukae naye kidogo. Samweli aliletwa Shilo akiwa ameachishwa ziwa. Hakuwa yatima, kwani Hana alikuwa hai, na kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Lakini usiku mama hakuwepo. Aliyekuwepo ni mzee asiye wa damu yake, mwenye macho yaliyofifia, ambaye hata wanawe wa kuwazaa walikuwa wamemshinda. Mtoto anasikia akiitwa gizani, anaondoka mbio kwa Eli. Inakuwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu Eli yupo, anaitika, hamkaripii, anamwambia akalale tena. Eli ana mengi ya kulaumiwa, ila hili alilitenda: mtoto akikimbilia kwake usiku, alimkuta.

Habari hii nimetembea nayo kwa sababu ya familia moja ya usharika wetu, iliyoniruhusu niandike bila kuitaja. Kupitia Ustawi wa Jamii walipewa mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu kwa malezi ya kambo, nao wanatarajia baadaye kumuasili mahakamani. Mchana hakuwa na neno. Alikula vizuri, akafukuza kuku, akamwita mama kila mwanamke aliyeingia uani. (Hilo la mwisho wageni hulisifu sana. Mimi hunipa wasiwasi, maana mtoto anayemwendea kila mtu sawasawa mara nyingi bado hajapata wake.) Jua likizama alibadilika. Akiona chandarua kinashushwa alikakamaa mwili mzima, akadai viatu vyake, na asipovaa halali. Kulia halii. Saa nne usiku yuko macho, ameukodolea mlango.

Wakadhani anaogopa giza, wakaacha taa inawaka. Haikusaidia. Ndipo mama akarudi kwenye kituo alikolelewa mtoto akaulize tu jinsi watoto wa pale wanavyolala. Akaonyeshwa chumba kimoja chenye vitanda vingi, na walezi wema wanaofanya kazi kwa zamu. Aliyekulaza jioni asubuhi humwoni, kuna mwingine. Na siku ya kuondoka mtoto huyu aliamshwa mapema, akavishwa viatu, akapandishwa gari, na hakurudi tena.

Hapo mambo yakaeleweka. Kwa akili ya mtoto wa umri ule, usingizi ndio wakati ambapo watu hubadilishwa. Unafumba macho una huyu, unafumbua una yule, na pengine hata nyumba si ile. Viatu vilikuwa maandalizi ya safari. Mtoto kama huyu humtulizi kwa kumwambia asiogope, kwa sababu ana ushahidi na wewe huna. Itabidi umpe ushahidi mwingine, usiku mmoja baada ya mwingine.

Walichofanya wazazi hawa ni kupanga jioni yao ifuate mtiririko mmoja, usiobadilika. Chakula saa kumi na mbili na nusu. Kisha maji ya vuguvugu kwenye beseni lilelile, mafuta mwilini, nguo za kulalia, kukojoa. Halafu anakwenda na mama kufunga mlango wa nje, naye anasukuma komeo kwa mkono wake. Wimbo mmoja, sala ya maneno machache, chandarua, na maneno yaleyale kila siku: mama yuko hapa, asubuhi utamwona mama. Umeme ukikatika au wageni wakichelewa kuondoka, saa huweza kusogea, lakini mpangilio hausogei. Mtoto mdogo hajui saa. Anachojua ni kwamba baada ya mafuta huja nguo, na baada ya komeo huja wimbo. Akiweza kukisia kinachofuata, mwili wake hulegea wenyewe.

Viatu hawakumnyang'anya. Waliviweka kando ya mto avione, na shuka alilotoka nalo kituoni hawakulifua mpaka alipozoea harufu ya nyumba. Mama akatandika godoro lake chini, karibu na kitanda. Wiki zilivyopita, godoro likasogea kuelekea mlangoni, kisha chumba cha pili, mlango ukiwa wazi. Kabla ya kutoka aliaga: naenda kuzima jiko, narudi. Akarudi upesi, mtoto angali macho, ili aone kwamba kauli ile ina matokeo. Sisi tumezoea kumvizia mtoto asinzie kisha tunanyata kutoka. Kwa mtoto aliyezaliwa mikononi mwetu huenda haidhuru. Kwa huyu, kunyata ni kuthibitisha alichokiogopa.

Lakini kazi kubwa, kwa maoni yangu, ilifanyika asubuhi. Waliamua kwamba anayemlaza ndiye atakayemwamsha. Baba akimlaza, basi baba hatoki kwenda kazini mpaka mtoto amemwona. Ilimlazimu mama kuahirisha zamu zake za alfajiri sokoni, na hasara ilikuwepo. Mlezi anayefikiria kupokea mtoto aihesabu mapema.

Kuna waliotaka kusaidia kwa njia nyingine. Jirani mmoja alimtisha mtoto kwamba asipolala zimwi litakuja. Mwingine, kwa utani, alisema ukisumbua tutakurudisha. Neno hilo lisitamkwe mbele ya mtoto wa kambo hata kwa mzaha; anaamini. Na wapo walioshauri aletwe kwetu aombewe, kwa kuwa usiku fulani alipiga kelele macho wazi asimtambue mtu. Naamini maombi, ndiyo kazi yangu. Lakini kelele za namna hiyo, zinazokuja saa moja hadi tatu tangu mtoto asinzie na asubuhi hakumbuki kitu, zinajulikana kwa watoto wengi. Usimtikise wala usimwamshe, zuia tu asijiumize mpaka zipite. Ndoto mbaya ni tofauti: huja zaidi karibu na alfajiri, mtoto huamka kweli, akamtafuta mtu, na huyo abebwe. Mtoto kuzungukwa usiku wa manane kwa sauti kubwa na kuwekewa mikono na watu asiowajua ni kumwongezea hofu, na hapa usharikani sitaruhusu. Mwombeeni sebuleni, amelala. Akiwa na homa, au anakoroma na pumzi kukatika, au majuma yanapita hali na halali, apelekwe hospitali na afisa ustawi aarifiwe.

Afisa huyo naye alipokuja kuwatembelea, kama anavyopaswa, mtoto aliona gari akakimbilia viatu. Usiku ule walirudi mwanzo, godoro kando ya kitanda. Safari hii hali ilitengemaa kwa haraka zaidi. Tangu hapo wanamwomba afisa aje mchana, gari aliache barabarani, na wanapomsindikiza mtoto anabaki mgongoni kwa mama akimpungia mkono.

Juzi mzee mmoja wa kanisa, jirani yao, alinijia na habari kwamba kazi imeharibika, kwa kuwa mtoto aliyekuwa kimya sasa analia usiku hadi anasikika nje. Nikamuuliza mama. Akacheka. Akasema ni kweli, analia, na anapolia anamwita yeye. Akishafika, mtoto anageukia ukutani na kulala.